Mwongozo kamili: Jinsi ya kupima kama video yako ya afya imebadili jambo, zaidi ya idadi ya watazamaji

Ripoti nyingi za video za afya huanza na namba moja: video imetazamwa mara ngapi. Mfadhili akiuliza watu walifanya nini baada ya kuitazama, mashirika mengi hukimbilia njia mbili. Kuna wanaoweka dodoso chini ya video na kuomba watazamaji wajibu. Kuna wanaowauliza watu ukumbini, video ikiisha tu, kama wameelewa.

Njia zote mbili huleta majibu ya kupendeza yasiyojibu swali. Anayejaza dodoso kwa hiari yake mara nyingi ni yule aliyeipenda video hadi mwisho. Anayeulizwa dakika mbili baada ya kutazama anarudia tu alichosikia sasa hivi. Hakuna kati yao anayekuambia mlezi atafanya nini mwezi ujao, usiku, mtoto akianza kuharisha.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Shirika dogo lina video ya dakika 4 inayowaonyesha walezi jinsi ya kuchanganya pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Video inaonyeshwa kwenye kliniki ya watoto. Nimechagua mfano huu kwa sababu tendo lenyewe linaonekana kwa macho na linapimika kwa jagi. Namba za matokeo utakazokutana nazo ni za kutunga, ili uweze kuifuata hesabu.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Video iliyokamilika. Ukiibadilisha katikati ya kazi, unakuwa umepima video mbili.
- Wadadisi 4 ambao hawakushiriki kutengeneza video. Mtu hamwambii mgeni usoni kwamba kazi yake hakuielewa.
- Simu zenye programu ya kukusanya majibu bila intaneti. KoboToolbox na ODK Collect zinafaa, na dodoso moja linatosha kwa simu zote.
- Jagi lenye alama za mililita, moja kwa kila mdadisi, pamoja na pakiti za ORS za aina moja.
- Daftari la namba za siri: kila mshiriki ana namba yake, na jina na simu yake vinahifadhiwa mahali pengine kabisa.
- Ruhusa ya uongozi wa kliniki, kibali cha maadili ya utafiti pale sheria inapokitaka, na fomu ya ridhaa.
- Makubaliano na muuguzi kuhusu mtoto atakayekutwa na dalili za hatari. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyobonyea au anayeharisha damu apelekwe kwa mhudumu hapohapo, na mahojiano yaishie hapo.

Tenga pia muda. Kazi hii huchukua miezi mitatu hivi: wiki 6 za kuandikisha, wiki 6 za kusubiri mshiriki wa mwisho, kisha siku chache za hesabu. Mwenye wiki mbili tu asiianze.

## Hatua ya 1: Andika tendo moja, na useme kabla ni lipi litahesabika kuwa limefanyika

Malengo kama "kuongeza uelewa kuhusu kuharisha" hayapimiki. Chukua karatasi uandike sentensi moja yenye mtu, tendo na muda. Kwetu sisi ni hii: wiki 6 baada ya kliniki, mlezi anaweza kuchanganya pakiti ya ORS kwa usahihi akiwa nyumbani kwake, kwa vyombo vyake.

Kisha tenganisha mambo matatu ambayo ripoti nyingi huyachanganya. La kwanza ni kujua: anataja kiasi cha maji. La pili ni kuweza: anachanganya mbele yako na maji yanatosha. La tatu ni kufanya: mtoto alipoharisha kweli, alimpa. Mtu anaweza kuwa na la kwanza bila la pili, na la pili bila la tatu. Ukipima la kwanza, usiliandike kwa jina la la tatu.

Sasa weka kigezo cha kufaulu, ukiandike na tarehe. Pakiti nyingi za ORS huchanganywa na lita 1 ya maji safi, lakini zipo za ujazo mdogo zaidi, kwa hiyo soma lebo ya pakiti utakazotumia. Kwa pakiti ya lita 1 tulikubaliana hivi:

- Maji ni kati ya mililita 900 na 1,100.
- Unga wote wa pakiti umemwagwa, haukugawanywa.
- Hakuna kilichoongezwa, iwe sukari, soda au juisi.

Aliyetimiza yote matatu amefaulu. Aliyetimiza mawili hakufaulu. Kunawa mikono na kujua kwamba mchanganyiko hutupwa baada ya saa 24 tunaviandika pembeni, kwa hesabu yake.

Kigezo cha maji ndicho cha kukazia. Maji yakipungua, chumvi huzidi, na hilo linaweza kumdhuru mtoto. Maji yakizidi sana, dawa inakosa nguvu. Mpaka wa 900 hadi 1,100 tumeuweka sisi wenyewe kwa ajili ya upimaji, kwa kuwa hakuna anayepima nyumbani hadi tone la mwisho. Wewe unaweza kuweka mwingine, mradi uuweke kabla ya kuona matokeo. Anayeweka mpaka baada ya kuona majibu hujikuta ameuvuta upande unaompendeza.

## Hatua ya 2: Tunga dodoso fupi lisilotoa majibu

Maswali 12 yanatosha. Uzito uko kwenye namna ya kuuliza.

Usiulize: "Je, unajua kwamba ORS huchanganywa na lita moja ya maji?" Umeshamfundisha, na atasema ndiyo. Uliza: "Pakiti moja kama hii unaichanganya na maji kiasi gani?" kisha unyamaze. Mdadisi asisome machaguo. Achague mwenyewe kwenye simu kile kinacholingana na jibu alilosikia, na "sijui" iwe mojawapo ya majibu yanayokubalika.

Kwa tendo lenyewe, anza na tukio. "Katika wiki 2 zilizopita, mtoto ameharisha?" Akisema ndiyo: "Ulifanya nini?" Halafu: "Kitu gani kingine?" mpaka aseme hakuna zaidi. Usiitaje ORS kabla yake. Wiki 2 ndicho kipindi ambacho tafiti kubwa za kaya hutumia kwa swali hili, kwa sababu ukirudi nyuma zaidi watu huchanganya tukio moja na lingine.

Swali la video liwe la mwisho kabisa. Likitangulia, mshiriki anajua unataka kusikia nini, na majibu yote yanayofuata yataegemea huko. Ongeza hapo mtego mdogo: taja vipande vitatu vya video, kimoja kikiwa hakipo. Kwa mfano, uliza kama anakumbuka mama anayechemsha maji, muuguzi mwenye jagi, na mzee anayenunua dawa dukani, wakati mzee huyo hayumo. Wengi wakisema wanamkumbuka mzee, ujue kumbukumbu za "niliiona" hazitegemeki.

Lijaribu dodoso kwa walezi 8 au 10 ambao hawatakuwa washiriki. Baada ya kila jibu muulize: "Ulielewa nimeuliza nini?" Hapo ndipo utagundua, kwa mfano, kwamba "kuharisha" kwa mmoja ni choo kimoja chepesi na kwa mwingine ni siku nzima ya maji matupu. Ufafanuzi wa kawaida ni choo chepesi au cha maji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, na wadadisi wote wautumie huohuo.

Dodoso liko tayari pale wadadisi wawili wanapomhoji mtu mmoja kwa nyakati tofauti na kupata majibu yaleyale.

## Hatua ya 3: Gawa makundi mawili kwa bahati nasibu

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kama ripoti itaaminika.

Ukiwapima walezi kabla ya video na baada ya wiki 6, ujuzi utaongezeka. Lakini katika wiki hizo muuguzi amewaelimisha, majirani wamezungumza, redio imetangaza, na dodoso lako lenyewe limewafanya wakaulize. Bila kundi la pili ambalo halikuona video, sifa zote hizo zinaiendea video.

Njia rahisi kwenye kliniki ni kugawa siku badala ya watu, maana skrini ikiwashwa ukumbini kila aliyepo anaona. Kama kliniki ya watoto huwa siku 2 kwa wiki, rusha sarafu asubuhi ya siku ya kwanza ya kila wiki. Ikiangukia kichwa, siku hiyo video inaonyeshwa na siku ya pili haionyeshwi. Ikiangukia upande wa pili, ni kinyume chake. Kwa wiki 6 utapata siku 6 za video na siku 6 bila video. Watu 20 kwa siku wanakupa 120 kila upande.

Usigawe kwa kliniki mbili, moja iwe na video na nyingine isiwe nayo. Tofauti yoyote utakayoiona inaweza kuwa ya muuguzi hodari wa kliniki ya kwanza, na hakuna hesabu itakayokutenganishia hayo.

Siku zote 12, elimu ya kawaida ya kliniki iendelee kama ilivyo. Kwa hiyo unachopima ni kile video inachoongeza juu ya elimu hiyo. Kundi lisiloona video litaonyeshwa mwishoni, na hilo lielezwe kwenye fomu ya ridhaa kwa maneno ya wazi.

### Kwa nini watu 120?

Tulikisia kwamba bila video walezi 40 kati ya 100 watachanganya sawasawa, na tukataka kuweza kuona kama video inawafikisha 60. Ili uwe na nafasi ya 80% ya kuiona tofauti hiyo kama ipo, unahitaji takribani watu 95 kila kundi mwishoni. Mmoja kati ya watano hatapatikana tena, kwa hiyo tukaandikisha 120.

Ukitaka kugundua tofauti ya pointi 10 tu, utahitaji karibu watu 390 kila kundi. Shirika dogo liseme mapema kwamba linatafuta badiliko kubwa, kuliko kuchukua watu 30 na kutangaza kwamba "video haikufanya kazi". Watu 30 hawawezi kukuonyesha lolote isipokuwa maajabu.

## Hatua ya 4: Siku ya kuandikisha

Mlolongo uwe uleule siku zote 12: ridhaa, dodoso la mwanzo, kisha elimu ya kawaida, na video kama ni siku yake. Mdadisi ahoji kabla ya skrini kuwashwa, na kama inawezekana asijue sarafu imesema nini. Siku isiyo ya video, kaeni ukumbini muda uleule.

Siku hii usimwombe mlezi achanganye ORS mbele yako. Zipo sababu mbili. Kuchanganya ni kujifunza, na kundi la pili litakuwa limefanya mazoezi uliyowapa wewe. Halafu, ukimwona mtu anaweka nusu ya maji, huwezi kumwacha aende hivyohivyo kwa wiki 6, na ukimsahihisha umevuruga upimaji. Uliza tu swali la kiasi cha maji, kisha muuguzi aendelee na elimu yake kwa wote. Kwa kuwa makundi yamegawanywa kwa bahati nasibu, si lazima upime ustadi mwanzoni. Kipimo cha mwisho kinatosha kulinganisha.

Chukua namba mbili za simu, yake na ya mtu anayekaa naye, pamoja na maelezo ya nyumba kwa alama zinazoonekana. Mpigie palepale ili uhakikishe simu inaita. Dakika hiyo moja itakuokolea watu wengi baadaye.

Jioni hesabu fomu. Ukiwa na 20 zilizokamilika, na kila moja ina namba ya siri isiyojirudia, siku imeenda vizuri.

## Hatua ya 5: Swali moja baada ya video, na uliweke mahali pake

Kwenye siku za video, uliza tena swali la kiasi cha maji mara inapoisha. Kazi ya jibu hili ni moja: kukuambia kama video inaeleweka. Katika mfano wetu, waliojibu sawa walipanda kutoka 38% hadi 91%. Ukipata chini ya 70% hapa, usisubiri wiki 6. Rudi kwenye video uangalie kama kiasi cha maji kinatajwa mara moja tu, haraka, huku muziki umepanda.

Namba ya 91% isiende kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Ni kumbukumbu ya dakika chache.

## Hatua ya 6: Ufuatiliaji wa wiki ya 6, nyumbani

Kila mshiriki afuatwe siku 42 baada ya siku yake mwenyewe, ukiruhusu siku 5 mbele au nyuma. Usiwafuate wote kwa wiki moja ya mwisho. Ukifanya hivyo, aliyeandikishwa kwanza atakuwa amesahau zaidi kuliko wa mwisho.

Mdadisi asiambiwe mlezi yuko kundi gani. Anaanza na dodoso, kwa mpangilio uleule, lakini swali la video analiacha hadi baada ya maonyesho.

Kisha yanakuja maonyesho yenyewe. Mpe pakiti ya ORS na umwambie: "Tuseme mtoto anaharisha. Naomba uichanganye kama ambavyo ungefanya, kwa vyombo vyako." Baada ya hapo usiseme neno. Usisogeze chombo, usitikise kichwa. Jagi lako libaki ndani ya mfuko, na usije na chupa yako ya lita 1 mkononi. Chupa hiyo ikionekana mezani, umeshampa jibu.

Hapa ndipo kujua na kuweza vinapoachana. Mlezi anasema "lita moja" bila kusita, halafu anachukua kikombe kikubwa cha chai, anakijaza, anamwaga unga na kukoroga. Kwake kile kikombe ndiyo lita. Mwingine anatafuta chupa mbili za nusu lita na kuzijaza zote mbili. Dodoso lingewaandika wote wawili kuwa wamepata.

Akimaliza, mimina maji kwenye jagi na uandike mililita, si "sawa" au "si sawa". Namba kamili itakuonyesha baadaye kama waliokosea walikosea kwa chombo kidogo. Andika pia kama alisoma lebo kabla ya kuchanganya. Kusoma lebo si udanganyifu, ndivyo atakavyofanya hata siku ya haja, lakini inakusaidia kujua kilichomsaidia ni nini.

Kabla hujaondoka, msahihishe aliyekosea, muonyeshe video asiyeiona, na mwache na pakiti mpya.

### Wadadisi wapimwe pia

Kabla ya wiki ya 6 waweke wadadisi wawili watazame maonyesho yaleyale 10, kila mmoja aandike kivyake. Wakitofautiana katika zaidi ya onyesho 1, rudieni mafunzo. Kwa kawaida ugomvi huwa kwenye unga uliobaki pembeni mwa pakiti, kwa hiyo kubalianeni: kikibaki kiasi cha kushikika kwa vidole viwili, hakumwaga wote.

### Wasiopatikana

Piga simu mara 3, kwa siku tofauti na saa tofauti, moja ikiwa jioni. Ikishindikana, mpigie mtu wa pili, kisha mtembelee. Weka kumbukumbu ya kila jaribio.

Mwishoni linganisha majibu ya mwanzo ya waliopatikana na ya waliopotea. Kama waliopotea ndio waliokuwa hawajui kabisa, matokeo yako yanaonekana mazuri kuliko ukweli, na ripoti iseme hivyo. Wakipotea zaidi ya theluthi moja, au wakipotea wengi upande mmoja kuliko mwingine, tumia matokeo kama dokezo tu.

## Hatua ya 7: Hesabu

Katika mfano wetu kundi la video lilibaki na watu 96, kundi la pili 90.

Kujua. Kundi la video lilitoka 38% hadi 68%, yaani pointi 30. Kundi la pili lilitoka 37% hadi 47%, pointi 10, bila kuona video yoyote. Toa 10 kwenye 30: video imeongeza pointi 20. Hizo pointi 10 ni kazi ya muuguzi, ya majirani na ya dodoso. Na tazama kilichotokea kwa ile 91%: wiki 6 baadaye imebaki 68%.

Kuweza. Waliochanganya sawasawa ni 57 kati ya 96, sawa na 59%, na 36 kati ya 90, sawa na 40%. Tofauti ni pointi 19. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kundi jingine la watu lingetoa namba tofauti kidogo. Tafuta upana wake kwenye jedwali la kompyuta. Weka =57/96 kwenye seli B2 na 96 kwenye C2, =36/90 kwenye B3 na 90 kwenye C3, halafu andika:

```
=1.96*SQRT(B2*(1-B2)/C2+B3*(1-B3)/C3)
```

Utapata 0.14, yaani pointi 14. Kwa hiyo tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kati ya pointi 5 na 33. Sifuri haimo, hivyo unaweza kusema video iliongeza ustadi. Kwa kuwa tuligawa siku badala ya watu, na watu wa siku moja hufanana kidogo, upana wa kweli ni mkubwa kuliko huo kwa kiasi fulani. Mpe mtaalamu wa takwimu faili lenye safu ya siku ya kuandikishwa, atalirekebisha kwa muda mfupi.

Jaribu pia hali mbaya zaidi. Tuseme wote 24 waliopotea kwenye kundi la video wangeshindwa. Waliofaulu wanakuwa 57 kati ya 120, karibu 48%. Kundi la pili likibaki 40%, tofauti inashuka hadi pointi 8. Huo ndio uzito wa watu waliopotea, na ndiyo sababu simu ya tatu ya jioni ina maana.

Kufanya. Walezi 19 wa kundi la video walisema mtoto aliharisha ndani ya wiki 2. Kati yao 12 walimpa ORS, sawa na 63%. Kundi la pili ni 8 kati ya 17, sawa na 47%. Pointi 16 zinavutia, lakini ukiweka namba hizo kwenye fomula ileile upana unatoka pointi 32 kila upande. Yaani video inaweza kuwa imesaidia sana, au haikusaidia, au hata imerudisha nyuma. Hapa jibu sahihi ni kwamba idadi haikutosha kujua.

Ukitaka kulijibu swali hili la tatu, wapigie washiriki wote simu kila wiki 2 na ukusanye matukio yanavyotokea, badala ya kusubiri siku moja. Simu zenyewe hukumbusha watu, kwa hiyo idadi na maneno yake yawe sawa kwa makundi yote mawili.

## Hatua ya 8: Andika ripoti kwa mpangilio huu

Anza na kigezo ulichokiweka kabla, kisha matokeo ya kuweza, upana wake, idadi ya waliopotea, halafu kujua na kufanya. Idadi ya watazamaji ije mwisho, kama maelezo ya usambazaji.

Sentensi kuu ya ripoti yetu ingekuwa hivi: "Wiki 6 baada ya kliniki, walezi 59 kati ya kila 100 walioona video walichanganya ORS kwa usahihi nyumbani, dhidi ya 40 kati ya 100 waliopata elimu ya kawaida pekee. Hatuna watu wa kutosha kusema kama watoto wengi zaidi walipewa ORS walipoharisha."

Wapo watakaokushauri ufute sentensi ya pili ili usimtie mfadhili wasiwasi. Iache. Ndiyo inayoeleza kwa nini awamu ijayo inahitaji bajeti ya ufuatiliaji wa simu.

Kisha rudi kwenye zile mililita. Katika kazi kama hii, ukipanga walioshindwa kwa kiasi cha maji na kukuta wengi wako kati ya 300 na 600, tatizo ni chombo, si kusahau. Video inahitaji kuonyesha jinsi ya kupata lita 1 bila jagi, pengine kwa chupa mbili za nusu lita. Wakiwa wametawanyika huku na huku, basi hawakumbuki kiasi, na hapo unarudia ujumbe, si picha. Marekebisho haya mawili hayafanani kabisa, na idadi ya watazamaji isingekuonyesha lolote kati yake.

## Kama video yako iko mtandaoni tu

Huwezi kumzuia mtu kuiona, lakini unaweza kuamua unamtumia nani. Andikisha watu 400 kwa simu, wape wote dodoso la mwanzo, kisha kwa bahati nasibu utume kiungo kwa nusu yao. Wiki 6 baadaye wahoji wote.

Linganisha waliotumiwa na wasiotumiwa, hata kama wengine waliotumiwa hawakufungua kiungo. Usilinganishe waliotazama na wasiotazama. Aliyefungua kiungo huenda ndiye mwenye bando, muda na hamu ya mambo ya afya, na angefanya vizuri hata bila wewe.

Maonyesho ya kuchanganya yanawezekana kwa simu ya video, mlezi akielekeza kamera kwenye chombo na lebo yake. Asiye na simu ya aina hiyo atembelewe, la sivyo utakuwa umewapima wenye simu nzuri tu. Kwenye takwimu za jukwaa, kitu kimoja kinachofaa kuangaliwa ni mstari unaoonyesha watazamaji wanaachia wapi. Kama nusu yao huondoka kabla ya sekunde ambapo maji yanapimwa, isogeze sehemu hiyo mbele kabla hujaandikisha mshiriki wa kwanza.